Kubadili Nembo Kwenye Picha ya JPEG

Kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kimebadili nembo, lakini picha nzuri pekee waliyo nayo ni ile ya JPEG, wamevaa fulana nyeupe zenye nembo ya zamani kifuani. Faili la mbunifu limepotea. Programu ya GIMP, ambayo hupatikana bure, inatosha kuiokoa picha hiyo.

Wengi hukimbilia kubandika nembo mpya, kumbe kazi kubwa ni kufuta ya zamani. JPEG ina tabaka moja tu, kwa hiyo nembo na kitambaa vimekuwa kitu kimoja. Ukipaka rangi nyeupe juu yake utaona kiraka, kwa sababu fulana nyeupe kwenye picha haiwi nyeupe tupu: ina mikunjo na vivuli.

Fungua picha, kisha ongeza tabaka tupu kwa `Layer > New Layer`, ukichagua `Transparency`. Bonyeza herufi C upate kifaa cha `Clone`, uwashe `Sample merged`, na uchague brashi yenye kingo laini. Shikilia Ctrl ubofye kitambaa safi, kisha pake juu ya nembo. Chukua sampuli kwenye mkunjo uleule unaopita chini ya nembo, juu yake au chini yake, ili kivuli kiendelee bila kukatika. Vuka ukingo wa herufi kwa pikseli tano hivi, maana JPEG huacha ukungu wa rangi kuzunguka maandishi. Usipouondoa, nembo ya zamani itaonekana kama mzuka. Ukikosea, futa kwenye tabaka hilo tu. Picha ya asili haijaguswa.

Sasa leta nembo mpya kwa `File > Open as Layers`. Ipunguze kwa Shift+S, na kama mama amesimama upande, ielekeze kwa Shift+P. Kisha, kwenye orodha ya tabaka, badilisha `Mode` kutoka `Normal` kuwa `Multiply`. Hapo weupe unaoizunguka nembo hutoweka, na vivuli vya mikunjo hupita juu ya rangi zake kana kwamba imechapwa kwenye kitambaa. Kwangu hii ndiyo hatua inayoitenganisha kazi safi na kibandiko.

Njia hii hushindwa kwenye fulana nyeusi, kwa kuwa `Multiply` hufanya rangi kuwa nzito zaidi na nembo humezwa. Huko bakiza `Normal`, utumie nembo ya PNG isiyo na mandhari. Nembo ndogo iliyochukuliwa WhatsApp pia usiikuze, itafifia. Omba faili la SVG, ambalo GIMP hulifungua kwa ukubwa unaoutaka.

Kagua kwa asilimia 100, halafu 200. Kabla ya `File > Export As`, hifadhi kwanza faili la XCF, maana JPEG itayabana matabaka yote kuwa moja tena.