Malori mawili, mizigo mitano

Kuna mizigo mitano ya tani 4, 5, 6, 7 na 8, na malori mawili ambayo kila moja hubeba tani 15. Jumla ya mizigo ni tani 30, kwa hiyo hesabu inakubali. Wapakiaji wengi wangeanza na mzito, kisha kila unaofuata wauweke kwenye lori lenye uzito mdogo. Ya 8 huku, ya 7 kule. Ya 6 inaifuata ya 7, zinakuwa 13. Ya 5 inaifuata ya 8, nazo zinakuwa 13. Ya 4 popote utakapoiweka, lori moja litakuwa na tani 17 na jingine 13. Mgao sawa upo, ila njia hiyo haiuoni.

Ukijaribu kila mgao, mizigo mitano haikusumbui. Mizigo 100 ni jambo jingine: idadi ya migao ni namba yenye tarakimu 31.

Kinachotuokoa ni kubadilisha swali. Tusiulize habari za malori mawili. Tuulize kama kuna mizigo ambayo jumla yake ni 15 kamili. Ikiwepo, iliyobaki lazima iwe 15 pia, na lori la pili limejipanga lenyewe. Ndiyo maana jumla ya wote ikiwa witiri, na uzito ni namba nzima, hakuna haja ya kuendelea: jibu ni hapana.

Sasa chora jedwali la visanduku kuanzia 0 hadi 15. Kila kisanduku kinajibu ndiyo au hapana: je, jumla hii inapatikana kwa mizigo tuliyokwisha kuitazama? Mwanzoni 0 pekee ni ndiyo, kwa kutobeba kitu. Ukija mzigo wa 4, kisanduku cha 4 kinawaka. Ukija wa 5, kila jumla iliyopo inaongezewa 5, tunapata 0, 4, 5 na 9. Ukija wa 6, zinaongezeka 6, 10, 11 na 15. Tumefika kabla hata ya kuigusa ya 7 na ya 8.

Ili kujua ni mizigo ipi, andika kando ya kila jumla mzigo ulioifikia kwanza. Jumla ya 15 ililetwa na 6, ikabaki 9; ya 9 ililetwa na 5, ikabaki 4; ya 4 ililetwa na 4. Basi lori moja libebe 4, 5 na 6, na jingine 7 na 8.

Hapa pana kosa linalowanasa wengi wanaoandika programu. Jedwali moja likisahihishwa kuanzia visanduku vya chini kwenda juu, mzigo mmoja utahesabiwa zaidi ya mara moja. Chukua mizigo miwili, ya 2 na ya 6. Nusu ya jumla ni 4, na ni wazi haigawanyiki. Lakini ukianza chini, mzigo wa 2 utawasha kisanduku cha 2, kisha huohuo utatoka cha 2 na kuwasha cha 4, na kompyuta itasema ndiyo. Anza juu ushuke, tatizo linaisha. Jaribu programu yako kwa 2 na 6 kabla ya kuiamini.

Kwa kuwa kila kisanduku ni ndiyo au hapana tu, biti moja inakitosha, na jedwali zima linageuka namba moja ndefu. Baada ya mizigo ya 4 na 5 namba hiyo ni 1000110001. Ukihesabu kutoka kulia kuanzia 0, moja ziko nafasi ya 0, 4, 5 na 9. Kuongeza mzigo ni kusogeza nakala ya namba kushoto na kuiunganisha na ya awali:

```python
mizigo = [4, 5, 6, 7, 8]
jumla = sum(mizigo)
b = 1
for w in mizigo:
    b |= b << w
print(jumla % 2 == 0 and (b >> jumla // 2) & 1 == 1)
```

Kosa la kuhesabu mara mbili haliwezi kuingia hapa, kwa sababu kinachosogezwa ni hali ya kabla ya mzigo huo. Kasi nayo hupanda, kwani kompyuta za kawaida hushughulikia biti 64 kwa mkupuo.

Ila kazi inafuata ukubwa wa jumla, si idadi ya mizigo peke yake. Nusu ikiwa 1,000,000, biti za kufika hapo huchukua kama baiti 125,000, jambo dogo. Pima mizigo ileile kwa gramu badala ya kilo, na jedwali linakua mara 1,000. Richard Karp aliliweka swali hili la mgao mwaka 1972 kwenye orodha yake ya matatizo 21 magumu, na hadi leo hakuna aliyepata njia ya haraka inayofaa kwa kila namba. Kwa hiyo namba zikiwa chache lakini kubwa mno, liache jedwali. Mizigo 40 igawe makundi mawili ya 20, orodhesha jumla zote 1,048,576 za kila kundi, zipange, kisha tafuta jozi inayofikia nusu.