Mzigo ukifika pungufu, deni hupungua kwa karatasi gani?

Lori la mizigo mchanganyiko linalotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya husafiri zaidi ya kilomita 800. Likifika kwenye duka la vifaa vya ujenzi, dereva huwa na haraka, kwani ana wateja wengine wanne wa kushushia na tajiri wake anapiga simu. Utingo hushusha, kuli hubeba, halafu inatolewa hati ya kupokelea mzigo, ile ambayo madukani wengi huiita delivari, pamoja na kalamu. "Mama, weka sahihi tu hapa, hayo mengine mtamalizana na ofisi." Kwa sauti hiyo ya upole, pesa nyingi za wauza vifaa wa mikoani hupotea.

Anayenunua kwa jumla na anayeuza kwa jumla hawatofautiani sana juu ya mzigo uliofika kamili. Hutofautiana juu ya ule uliofika kasoro kidogo, kwa sababu kila upande una kumbukumbu yake na karatasi iliyotiwa sahihi ni moja tu. Delivari ikisema ndoo 60 na sahihi yako ikiwa chini yake bila neno lolote, umekiri ndoo 60. Mkijibizana wiki mbili baadaye, wewe ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha.

Tuchukue mfano wa agizo moja, kwa bei za kubuni ili hesabu iwe rahisi kufuata. Duka la Mbeya limeagiza nondo za milimita 12 vipande 200 kwa shilingi 24,000 kila kimoja, rangi ya maji ndoo 60 za lita 20 kwa shilingi 90,000, na misumari katoni 40 za kilo 25 kwa shilingi 75,000. Jumla ni shilingi 13,200,000. Ongeza VAT ya asilimia 18, ankara inasoma shilingi 15,576,000. Malipo ni ndani ya siku 30.

Mzigo unashushwa. Nondo zimetimia 200. Ndoo za rangi ni 57, na moja kati ya hizo mfuniko wake umeachia, rangi imemwagika hadi nusu. Katoni za misumari ni 38.

Hatua ya kwanza ni kuandika kabla ya kusaini, na kuandika bidhaa kwa bidhaa. Maneno ya jumla kama "mzigo haukukamilika" hayamsaidii mtu. Yanayosaidia ni haya: "Rangi ndoo 57 zimepokelewa badala ya 60, moja kati ya 57 imefunguka na kumwagika. Misumari katoni 38 badala ya 40." Yaandikwe kwenye nakala zote, ile inayobaki dukani na ile inayorudi kwa msambazaji, na dereva atie sahihi kando ya maneno hayo pamoja na jina lake, namba ya gari na saa. Dereva hakubali kosa kwa kufanya hivyo. Anashuhudia tu kilichoshuka. Akikataa, andika kwamba amekataa, kisha upige picha mzigo ukiwa bado umepangwa karibu na gari.

Kuna wanaoandika "umepokelewa bila kuhakikiwa" wakidhani wamejikinga. Maneno hayo ni bora kuliko kimya pale ambapo kuhesabu papo hapo hakuwezekani, lakini yana umri mfupi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, kama ile ya Kenya, Sura ya 31, imetokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Msingi wake ni kwamba mnunuzi aliyekaa na bidhaa kwa muda wa kutosha bila kumwambia muuzaji kwamba anazikataa, huhesabiwa kuwa amezikubali. Muda wa kutosha ni upi, hutegemea bidhaa. Kwa ndoo zinazohesabika kwa macho, jioni ya siku hiyo hiyo ndiyo salama.

Sheria hizo hizo zina kanuni mbili ambazo wafanyabiashara wengi hawazitumii. Ukiletewa pungufu ya ulichoagiza, una haki ya kukataa mzigo wote. Ukiukubali huo pungufu, unaulipia kwa bei ya makubaliano na si zaidi. Pia hulazimiki kupokea mzigo kwa mafungu kama hamkukubaliana hivyo. Maana yake ni kwamba msambazaji anayesema "tutakuletea zilizobaki na gari lijalo" hatoi agizo. Anatoa ombi, na jibu ni lako.

Kabla ya kujibu, ni vyema kujua ndoo tatu zimeishia wapi. Mahali panaweza kuwa patatu: hazikutoka ghalani, zilipotea njiani, au zilishushwa kwa mteja mwingine. Njia ya haraka ya kujua iko kwa msambazaji mwenyewe. Mwombe ahesabu rangi hiyo ghalani kwake na kulinganisha na kadi yake ya stoo. Kama kadi inasema zimebaki 412 na sakafuni zipo 415, mjadala umekwisha, ndoo hazikupakiwa. Kama hesabu yake inalingana, macho yahamie kwa msafirishaji na karatasi aliyosaini alipopakia.

Hapo swali huwa ni nani alimkodi msafirishaji. Kwa kawaida ya sheria, muuzaji akikabidhi mzigo kwa msafirishaji aliyeagizwa na mnunuzi, huhesabika amekwisha kumkabidhi mnunuzi. Kwa hiyo kama wewe ndiye uliyetuma lori likachukue, na dereva wake akasaini ndoo 60 Dar es Salaam, barua ya madai inakwenda kwa mwenye lori. Wengi humwandikia msambazaji, wakasubiri mwezi mzima, kisha wakaambiwa waende kwingine. Tiketi za mizani za njiani, Vigwaza au Makambako, hutajwa sana kwenye mabishano haya, ila zinaonyesha uzito wa gari zima. Kwa lori lililobeba mizigo ya watu saba, ndoo tatu hazionekani.

Neno moja kuhusu nondo, kwa kuwa idadi yake imetimia na hapo ndipo watu hulegeza macho. Kipande cha milimita 12 chenye urefu wa mita 12 kinapaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 10.7, na viwango huruhusu tofauti ndogo tu. Pima kumi kwa pamoja. Zikikupa kilo 95 badala ya 107, idadi haina kasoro lakini chuma ni chembamba, na dai hilo ni la ubora. Liandikie barua yake, usilichanganye na upungufu.

Sasa uamuzi wenyewe: uletewe kilichobaki, au deni lipunguzwe kwa krediti noti? Barua nyingi huomba vyote viwili kwa pumzi moja, "mtuletee zilizobaki au mtupunguzie", na kumwachia msambazaji achague. Yeye atachagua kuleta, na ana sababu. Akileta, mauzo yake yanabaki palepale. Akitoa krediti noti, mauzo yanashuka na mhasibu wake lazima arekebishe kodi iliyokwisha kuingia kwenye risiti ya EFD. Si ujanja, ni njia nyepesi kwake. Lakini wewe unaweza kukaa wiki tano ukisubiri katoni mbili ambazo nauli yake inakula faida yake.

Kwa hiyo chagua mwenyewe, bidhaa kwa bidhaa. Ndoo tatu za rangi zina mteja anayemalizia nyumba na rangi lazima ifanane, basi ziletwe. Misumari ipo ya kutosha, basi katoni mbili zikatwe kwenye deni. Ndoo iliyomwagika nayo ikatwe. Barua inakuwa fupi:

"Yah: Upungufu wa mzigo wa ankara Na. 0482. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunathibitisha kupokea mzigo wenu leo saa 9 alasiri, isipokuwa: rangi ndoo 3 hazikufika, ndoo 1 imefika imemwagika, misumari katoni 2 hazikufika. Nakala ya delivari yenye sahihi ya dereva na picha vimeambatishwa. Tunaomba (1) ndoo 3 ziletwe kwa nauli yenu, ziwe zimetoka ghalani ifikapo Ijumaa ijayo. Zisipotoka, mtupe krediti noti. (2) krediti noti ya ndoo 1 na katoni 2, shilingi 240,000 pamoja na VAT 43,200, jumla shilingi 283,200. Ndoo iliyomwagika tumeitunza mkaikague. Tafadhali hesabuni pia rangi hiyo ghalani kwenu."

Itumwe siku hiyo hiyo. WhatsApp yatosha kuanzia, mradi barua yenye namba ya ankara ifuate, maana simu hubadilishwa na mazungumzo hufutika. Tarehe ya mwisho ndani ya ombi la kwanza ndiyo inayoifanya barua iwe na nguvu. Bila hiyo, "gari lijalo" halina siku.

Mtego mwingine huja pamoja na ndoo zenyewe. Ndoo tatu zikifika, zije na delivari inayotaja ankara Na. 0482, bila bei. Karani mpya ghalani akizitolea ankara mpya na risiti mpya, umeuziwa mara mbili: zimo kwenye zile 60 za mwanzo na zimo kwenye hizi tatu. Kinyume chake pia hutokea, ndoo zikafika na krediti noti yake ikatolewa. Msambazaji atagundua mwisho wa mwaka, na urafiki utaingia doa kwa pesa ambazo hukuzitafuta.

Krediti noti nayo isomwe. Iwe na namba ya ankara ya awali, ihesabu kwa bei uliyotozwa baada ya punguzo lolote, na itenge VAT yake. Ikija shilingi 240,000 tupu, shilingi 43,200 zimebaki kwake. Na kama ulikwisha kudai kodi ya manunuzi ya ankara nzima kwenye ritani yako ya VAT, shilingi 43,200 hizo unazirekebisha wewe. Zisibaki kwenye madai yako kama kodi ya bidhaa ambayo hukuipata.

Siku ya 30 inapofika, ndoo tatu bado ziko njiani. Duka halizuii ankara nzima, jambo ambalo lingempa msambazaji sababu ya kusimamisha agizo lijalo. Linakata shilingi 283,200 za krediti noti, linashikilia shilingi 318,600 za ndoo tatu pamoja na kodi yake, na kulipa shilingi 14,974,200, likiambatisha karatasi yenye mistari hiyo miwili. Ndoo zikishuka, shilingi 318,600 zinatumwa kesho yake. Kisha inasubiriwa taarifa ya hesabu ya mwezi kutoka kwa msambazaji: ankara Na. 0482 ikiwa bado inaonyesha deni la shilingi 283,200, krediti noti ilichapwa lakini haijaingizwa vitabuni, na simu inapigwa kwa mhasibu wake, si kwa mtu wa mauzo.