Barua Pepe Hii Imetoka kwa Nani Hasa?

Mhasibu wa shule anafungua barua pepe asubuhi na kukuta ujumbe wa kampuni inayowauzia madaftari. Jina ni lile lile, anwani ni ile ile, ankara imeambatishwa. Kilichoongezeka ni sentensi moja tu: akaunti ya benki imebadilika, kwa hiyo malipo ya muhula huu yaingizwe kwenye namba hii mpya.

Hata akiikodolea macho anwani hiyo, haitamwambia kitu. Jina na anwani vinavyoonekana juu ya barua pepe huandikwa na mtumaji mwenyewe, na utaratibu wa kusafirisha barua pepe uliowekwa mwaka 1982 haukumdai athibitishe alichoandika. Ukaguzi ulikuja kupachikwa miaka mingi baadaye, na matokeo yake huandikwa ndani ya kila ujumbe, mahali ambapo wengi wetu hatufungui.

Kwa anayetumia Gmail, afungue ujumbe huo kwenye kompyuta, abofye vidoti vitatu vilivyo kulia kwake, kisha achague `Show original`. Yatatokea maandishi marefu yasiyovutia hata kidogo. Ayaache yote, atafute sehemu inayoanza na `Authentication-Results`. Tuseme mhasibu wetu amekuta hivi (majina nimeyatunga, na mstari nimeufupisha):

```
From: Idara ya Fedha <malipo@vifaa.example>
Authentication-Results: mx.google.com;
  dkim=pass header.i=@habari77.example;
  spf=pass smtp.mailfrom=tuma@habari77.example;
  dmarc=fail (p=NONE) header.from=vifaa.example
```

Akisoma haraka ataona `pass` mbili na kutulia. Hapo ndipo watu hunaswa, maana swali si kama kuna aliyefaulu, bali ni nani aliyefaulu.

Tuanze na SPF. Kila barua pepe husafiri na anwani mbili, kama barua ya posta yenye anwani ya mtumaji nyuma ya bahasha na nyingine juu ya karatasi iliyo ndani. Ya karatasi ndiyo `From`, ile tunayoiona. Ya bahasha hutumiwa na seva zinapokabidhiana ujumbe, na ndiyo iliyoandikwa hapo kama `smtp.mailfrom`. SPF hukagua ya bahasha peke yake. Mwenye kikoa, yaani jina lililo baada ya alama ya `@`, hutangaza kwenye kumbukumbu za DNS ni seva zipi zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lake, na seva inayopokea hulinganisha. Sasa `habari77.example` ni kikoa cha tapeli mwenyewe. Amekisajili, akatangaza seva yake, akatuma kupitia seva hiyo hiyo. Kufaulu kwake hakuna ajabu yoyote.

DKIM nayo ni saini. Seva ya mtumaji hutia saini kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa kuihakiki huwekwa wazi kwenye DNS. Maneno ya ujumbe yakibadilishwa njiani, saini hukataa. Lakini saini ni ya yule aliyeitia, naye anatajwa baada ya `header.i`: ni `habari77.example` tena. Tapeli ametia saini barua yake kwa ufunguo wake, na barua imefika bila kuguswa. Kampuni ya madaftari haimo kabisa katika habari hii.

Kwa hiyo mstari wa kuukazia macho ni wa DMARC. Huu huuliza swali ambalo mhasibu angeuliza mwenyewe: je, kikoa kilichofaulu SPF au DKIM ndicho hicho kilicho kwenye `From`? Kimoja kikilingana, hata kama ni kwa tawi lake tu, inatosha. Hapa hakuna kinacholingana, ndiyo maana imeandikwa `dmarc=fail`. Hicho ndicho kisa chote cha barua ile, na malipo yanapaswa kusimama papo hapo.

Mhasibu ana haki ya kuuliza kwa nini basi haikuzuiwa. Jibu ni yale mabano yenye `p=NONE`. Mwenye kikoa ndiye anayetangaza barua zilizofeli zifanyweje: `none` ni kuziacha zipite, `quarantine` ni kuzitenga kwenye taka, `reject` ni kuzikataa mlangoni. Kampuni ya madaftari ilichagua `none`. Mwanzoni ni busara, maana hukupa nafasi ya kuona kama barua zako halali zinafaulu zote. Kukaa hapo miaka nenda rudi, kwa maoni yangu, ni uzembe ambao gharama yake humwangukia mteja.

Kuna hila moja ya kuangalia. Tapeli anaweza kuandika mwenyewe mstari wa `Authentication-Results` uliojaa `pass` na kuuchomeka kwenye barua kabla ya kuituma. Ndiyo maana unasoma kwanza jina linalofuata baada ya nukta mbili. Kwa mwenye Gmail ni `mx.google.com`, yaani seva iliyokupokelea wewe. Seva huongeza mistari yake juu ya iliyokwisha kuwapo, kwa hiyo wa seva yako utaukuta karibu na juu. Mwingine wowote wenye jina usilolijua, hasa ulio chini, usiuhesabu.

Matokeo haya pia huweza kumsingizia mtu mwema. Ukiwa na anwani ya zamani inayoelekeza barua zako Gmail, SPF mara nyingi itafeli, kwa kuwa seva inayoelekeza haimo katika orodha ya mtumaji wa kwanza. Saini ya DKIM huvuka salama ikiwa ujumbe haukuguswa, na hapo DMARC hufaulu kwa saini hiyo. Lakini barua ikipitia kundi la barua pepe linaloongeza maneno chini au kwenye kichwa cha habari, saini nayo huvunjika. Barua ya kundi iliyofeli yote mawili, basi, si lazima iwe ya uongo. Ankara iliyotumwa moja kwa moja kwako haina kisingizio hicho.

Na `pass` tatu hazitoshi kumtoa mtu fedha. Tapeli akisajili `vifaaa.example`, yenye herufi moja ya ziada, atafaulu SPF, DKIM na DMARC bila kosa, kwa sababu kweli hicho ni kikoa chake. Soma `header.from` herufi kwa herufi, ulinganishe na ankara ya zamani. Tazama pia kama kuna `Reply-To` inayopeleka majibu kwingine. Hatari kubwa kuliko zote ni sanduku halisi la kampuni kuvamiwa: mwizi akituma akiwa ndani, seva ni ile, saini ni ile, na hakuna mstari wowote utakaomfichua. Vipimo hivi vinakwambia kikoa gani kimetuma. Aliyeshika kibodi havimjui.

Kwa hiyo namba ya akaunti ikibadilika, piga simu hata kama kila mstari unasema `pass`, na utumie namba iliyo kwenye ankara ya mwaka jana. Iliyoandikwa chini ya barua hiyo mpya usiipige.