Methali ya Kifaransa Inapofunga Barua

Mfanyabiashara wa Lubumbashi analipwa wiki 2 baada ya tarehe waliyopatana. Anamwandikia mteja kumshukuru, kisha anafunga kwa "Mieux vaut tard que jamais". Yeye anaona ametoa shukrani. Mteja anasoma lawama, kwa sababu methali hiyo, iliyo karibu na "kawia ufike" yetu, inamnyooshea kidole aliyechelewa. "Better late than never" ya Kiingereza inachoma vilevile.

Ni salama mwandishi anapousema uchelewaji wake mwenyewe, tena baada ya kuomba radhi waziwazi.

Yenye hatari zaidi ni "Qui ne dit mot consent", yaani anyamazaye amekubali. Ikiwekwa chini ya pendekezo la bei, inamsukuma mpokeaji ukutani. Nchini Ufaransa hata sheria haiiungi mkono: tangu mageuzi ya 2016, kifungu cha 1120 cha sheria ya madai kinasema kunyamaza si kukubali, isipokuwa katika hali maalumu. "Dans l'attente de votre réponse" huomba jibu kwa adabu, kisha "Cordialement" na jina hufuata chini yake.