Saa saba mchana, kipima muda kisimame

Katika ofisi ya unukuzi nilikofanya kazi Dar es Salaam, kila mmoja alikaa mbele ya kompyuta na visikizio masikioni, akisikiliza sauti na kuyaandika maneno yake. Kazi iligawiwa vipandevipande. Ukikichukua kipande kutoka kwenye foleni ya wote, kinakuwa chako, mwingine hakioni. Ukikifungua tu, kipima muda kinaanza kuhesabu pembeni mwa skrini.

Zamu ya asubuhi ilianza saa mbili, na saa saba tulikwenda kula. Mpango huo unatokana na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, katika kifungu cha 23, inamtaka mwajiri ampe mapumziko yasiyopungua dakika 60 mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano. Mwajiri halazimiki kuyalipia mapumziko hayo, isipokuwa kama anamtaka mfanyakazi afanye kazi, au awe tayari kuitwa kazini, muda huohuo. Kwa hiyo anayekula huku skrini ikimhesabia ameingiza katika hesabu ya kazi saa ambayo si ya kazi, na hesabu hiyo ina madhara.

Nililijua hilo kwa kuumia. Siku moja nilinyanyuka kwenda kwa mama ntilie nikiwa katikati ya kipande cha ishirini, sikubonyeza `Pause`. Vipande vyangu 20 vilinihitaji dakika 300, yaani wastani wa dakika 15 kila kimoja. Mtambo ukaongeza dakika 60 za wali na maharage, jumla ikawa 360, na wastani ukapanda hadi 18. Jioni kiongozi wa zamu aliniita: “Kaka, mbona leo umekuwa mzito hivi?” Aliporekebisha alihitaji ushahidi, na ushahidi ukapatikana kwa sababu kipande kimoja kilionyesha muda wa zaidi ya saa nzima huku vingine vyote vikiwa vya kawaida. Ukiliona pengo la namna hiyo, liseme siku ileile. Baada ya wiki hakuna atakayekumbuka ulikuwa wapi.

Kusimamisha kipima muda, hata hivyo, hakuviachii vipande ulivyovishika. Hapo ndipo wengi wetu tulipowakosea wenzetu bila kukusudia. Tulizoea kujiwekea akiba ya vipande vitatu au vinne ili foleni isije ikatukaukia. Kwetu, kipande kisichoguswa kilirudi chenyewe kwenye foleni baada ya saa mbili. Basi ukienda kula na vitatu mkononi, vinalala saa nzima, na dada aliyeingia zamu ya mchana anakuta foleni tupu. Yeye analipwa kwa kipande, kwa hiyo kukaa bure kwake ni hasara ya fedha.

Chukua mfano wa mtu ambaye saa saba kasoro dakika kumi ana vipande vitano. Kimoja kimebakiza dakika mbili: akimalize, akitume. Cha pili kimefika nusu: ahifadhi alichoandika, abonyeze `Pause`, akiache kikiwa chake. Asikiachie, maana katika mitambo mingi kipande kikirudi foleni maandishi yaliyokwisha kuandikwa hufutika, na atakayekichukua ataanza upya. Vitatu vilivyobaki hajavifungua. Hivyo abonyeze `Release`, vyote vitatu, kabla hajanyanyuka.

Nasisitiza vyote vitatu. Kuna tabia ya kufungua kipande, kusikiliza dakika moja, kugundua ni mazungumzo ya sokoni ambapo watu wanne wanasema kwa pamoja, kisha kukirudisha kwa kisingizio cha chakula huku umeng’ang’ania vile vyepesi. Bei ni ileile kwa kila dakika ya sauti, kwa hiyo kipande kigumu huzunguka toka mkono hadi mkono mpaka kimwangukie mgeni. Utaijua tabia hiyo ukitazama historia ya kipande: kimefunguliwa mara tano, hakuna aliyeandika sentensi. Kama kweli hakiandikiki, acha maelezo yanayomsaidia mwenzako: “Dakika ya 4 hadi ya 6, jenereta imefunika sauti.” Na usimnong’oneze rafiki yako kwamba sasa hivi unaachia vyepesi. Foleni ni ya wote.

Saa nane ukirudi, anza na kile cha nusu. Ondoa kisimamisho, sikiliza tena sekunde kama kumi za nyuma, uishike sauti ya msemaji. Ukishakituma, tazama foleni: mara nyingi nilikuta viwili kati ya vile nilivyoachia vimeshachukuliwa, kimoja bado kipo, nami nikakichukua hichohicho.