Upote Ukipiga Kelele, Uta Una Maneno

Mpiga mishale akiona mshale wake leo unaangukia chini ya pale ulipoangukia jana, aghalabu huulaumu mkono wake. Mkono huenda hauna kosa. Kabla ya kubadili chochote, ndugu msomaji, na apime nafasi iliyopo baina ya upote na mshiko.

Nafasi hiyo hupimwa uta ukiwa umetiwa upote lakini haujavutwa: kutoka pale mshiko ulipoingia ndani zaidi, kwenda kwenye upote kwa pembe mraba. Tuchukue uta wa mashindano wa inchi 68, ule ambao ncha zake zimepinda kuelekea mbele. Upote wake huwa wa inchi 64 au 65 hivi, na nafasi yake mara nyingi ni baina ya sentimita 21 na 24.

Tuseme mpigaji huvuta upote hadi sentimita 70 kutoka mshikoni. Nafasi ikiwa 21, upote utausukuma mshale sentimita 49. Ikiwa 24, utausukuma 46 tu. Kwa hiyo upote mrefu, unaoacha nafasi ndogo, huongeza mwendo wa mshale, ingawa si kwa wingi. Walakini faida hiyo ina gharama. Mshale hukaa upoteni muda mrefu zaidi, na kila mtikisiko wa mkono huupata. Tena upote huweza kumchapa mpigaji kifundoni.

Na kelele je? Nguvu ambayo mshale haukuichukua hubaki ikiutikisa uta. Tena katika uta wa namna hii, upote hurudi na kuzipiga zile ncha zilizopinda. Nafasi ikiwa ndogo mno, sehemu kubwa ya upote huzipiga, na mlio huwa mkali. Ikizidi mno, uta hukazika kupita kiasi, mlio mkavu hurudi, na mwendo hupungua.

Mahali pa utulivu hupatikana kwa kusikiliza. Anza na nafasi ndogo, ndani ya kipimo alichotoa mtengenezaji. Piga mishale michache. Kisha vua upote, uusokote mizunguko mitatu au minne zaidi, uurudishe, upime, upige tena. Kusokota huufupisha upote kidogo tu, lakini nafasi huongezeka zaidi ya ule upungufu. Endelea hadi mlio ushuke uwe mzito na wa upole. Ukianza kupanda tena, rudi nyuma hatua moja. Andika kipimo hicho, kisha tazama tena alama ya pale mshale unapokaa upoteni, kwani nayo huenda imehama.

Upote mpya hunyooka katika siku za mwanzo, na nafasi hupungua bila ya mwenyewe kujua. Basi pima kila siku kabla ya mshale wa kwanza. Usokote upote urudi kwenye kipimo chako, ndipo uulaumu mkono ukitaka.