Kifungashio Hakikaushi Dagaa: Namna ya Kuchagua Kinachozuia Unyevu

Na Mwandishi Wetu

Wajasiriamali wengi wanaosindika dagaa wa Ziwa Victoria hupata hasara baada ya kazi ngumu kukamilika. Dagaa waliokaushwa vizuri juu ya vichanja hufungwa, husafirishwa hadi Dar es Salaam, na baada ya wiki chache dukani huwa wamelainika, wameota kuvu au wana harufu kali ya mafuta yaliyoharibika. Mara nyingi chanzo huwa ni kifungashio, au hali ya dagaa siku walipofungwa.

Jambo la kwanza kuzingatia ni kwamba kifungashio hakikaushi bidhaa, bali hulinda ukavu uliokwisha kupatikana. Dagaa wakifungwa wakiwa bado na joto la jua, mvuke wao hugeuka matone ndani ya mfuko usiku unapoingia baridi, na kuvu huanzia hapo. Wanapaswa kupoa kivulini, mahali pakavu, kisha wafungwe siku hiyohiyo kabla hawajafyonza unyevu wa hewa.

Jambo la pili ni aina ya kifungashio. Salfeti hufaa kwa kubebea mzigo mkubwa, lakini matundu ya ufumaji wake hupitisha hewa na unyevu. Karatasi ya kaki isiyo na utando wa plastiki ndani hufyonza unyevu, hivyo hufaa zaidi kwa unga unaouzwa na kutumika haraka. Mfuko wa plastiki angavu huzuia unyevu vizuri, na unene wake ukiongezeka mara mbili, mvuke unaopita hupungua kwa takriban nusu. Mfuko mwembamba sana pia hutobolewa kwa urahisi na mifupa ya samaki.

Hata hivyo, plastiki hiyo hupitisha oksijeni, ambayo huharibu mafuta ya dagaa, na mwanga huharakisha uharibifu huo. Kwa hiyo, kwa bidhaa itakayouzwa ndani ya wiki chache, mfuko mnene wa plastiki uliokamuliwa hewa unaweza kutosha. Kwa bidhaa itakayokaa miezi, mfuko wa tabaka kadhaa wenye tabaka la aluminiamu ni bora zaidi, kwa kuwa huzuia unyevu, oksijeni na mwanga kwa pamoja. Mfuko huo pia hufaa kwa viungo kama karafuu na iliki, ambavyo harufu yake hupotea kidogo kidogo kupitia plastiki ya kawaida.

Mjasiriamali anaweza kupima kifungashio kabla ya kununua vingi. Tuchukue pakiti ya gramu 250 za dagaa wenye asilimia 10 ya maji. Ndani yake kuna gramu 25 za maji na gramu 225 za dagaa halisi. Uzito wa bidhaa ukifikia gramu 256, maji yamekaribia asilimia 12. Ukifikia gramu 265, yamefika asilimia 15, kiwango ambacho kuvu huweza kuanza kuota kwenye samaki mkavu. Hivyo, afunge pakiti tatu, aandike uzito wa kila moja pamoja na mfuko wake, aziweke mahali penye unyevu kama zitakavyokaa dukani, na kuzipima kila wiki kwa mizani inayosoma gramu moja moja. Uzito ukipanda kwa gramu 6, muda wa kuuza bidhaa hiyo unakaribia kwisha. Ukipanda kwa 15, kifungashio hicho hakifai kwa muda huo.

Iwapo pakiti moja tu imeongezeka uzito, tatizo huenda ni mshono. Mfuko wa majaribio uzamishwe kwenye beseni la maji na kubanwa taratibu. Mapovu yakitoka, mahali palipozibwa panavuja. Mara nyingi sababu ni vumbi la dagaa au unga lililobaki mdomoni mwa mfuko kabla ya kuzibwa kwa joto. Mdomo ufutwe kwanza, kisha uzibwe.

Wapo wanaohofia kutumia plastiki kutokana na katazo lililoanza tarehe 1 Juni, 2019. Katazo hilo linahusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Vifungashio vya vyakula vilivyosindikwa havimo, ili mradi vikidhi viwango na visigeuzwe kuwa mifuko ya kubebea. Mnunuzi wa vifungashio ahakikishe vimetengenezwa kwa ajili ya chakula na vimekidhi viwango vya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Lebo nayo ioneshe jina la bidhaa, uzito halisi, jina na anwani ya mzalishaji, tarehe ya kufungashwa na ya mwisho wa matumizi. Tarehe hiyo ya mwisho isikadiriwe tu. Jaribio la mizani huonesha muda ambao kifungashio kinaweza kuzuia unyevu, na tarehe inayoandikwa isivuke muda huo.